Ulizo la mteja lina thamani ya shilingi ngapi?

Hakuna mtu anayenunua kisima kwa kubofya. Kampuni ya kuchimba visima ya Dar es Salaam inapotangaza kwenye Google, mtu mwenye kiwanja Chanika au Kibaha hujaza fomu ya kuomba upimaji wa maji, au hugusa kitufe cha WhatsApp kuuliza bei. Yanayofuata hutokea nje ya mtandao. Mpimaji anakwenda uwanjani, familia inakaa kikao, pesa zinatafutwa, na baada ya miezi kadhaa mtambo unaingia kiwanjani au hauingii kabisa.

Google haioni lolote kati ya hayo. Inaona maulizo tu, na isipoelezwa tofauti yake huyahesabu yote kuwa sawa. Ukiiagiza ikuletee maulizo mengi kwa bajeti uliyonayo, itakimbilia yale yanayopatikana kwa bei rahisi, na kwa kawaida hayo ni miguso ya WhatsApp. Wengi wanaogusa kile kitufe hawaandiki hata “habari”. Ripoti ya mwezi itanawiri huku mpimaji akikaa ofisini bila safari.

Dawa ni kulipa kila aina ya ulizo thamani yake kwa pesa. Hapo ndipo mwenye kampuni hukwama: atajuaje thamani ya ulizo ilhali bado hajauza kisima hata kimoja kupitia tangazo? Hahitaji kusubiri mauzo. Hesabu huanzia mwisho na kurudi nyuma, na kile asichokijua kina athari ndogo kuliko anavyodhani.

Tuchukue kampuni ya mfano, na tarakimu zote zifuatazo ziwe za mfano pia. Bei ya kisima na gharama za kukichimba inazifahamu, kwa hiyo inajua kwamba kisima kimoja kinaacha faida ya shilingi 3,000,000. Tunaanza na faida, si bei, kwa sababu pesa ya dizeli na mabomba si ya kulipia matangazo. Sasa, kati ya viwanja vinavyopimwa, vingapi huishia kuchimbwa? Muuzaji aliyefanya kazi hii kwingine atasema nusu. Wauzaji hukumbuka ushindi, basi mwulize pia mpimaji. Tuseme wanakubaliana kwamba mambo yakienda vibaya ni kiwanja 1 kati ya 10, yakienda vizuri ni 1 kati ya 3, na wanachukua 1 kati ya 5. Upimaji mmoja sasa una thamani ya shilingi 600,000.

Hatua inayobaki haihitaji kukisia. Fungua simu ya ofisi na orodha ya fomu, usome za wiki chache zilizopita moja baada ya nyingine: nani alifikia kupimiwa? Tuseme katika kila fomu 5, moja ilifika huko, na katika kila miguso 25 ya WhatsApp, mmoja. Fomu basi ni shilingi 120,000 na mguso ni shilingi 24,000. Simu za moja kwa moja nazo hupigiwa hesabu kwa njia hiyo hiyo.

Sasa rudi kwenye kile kisio cha 1 kati ya 5, ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Ukikifanya 1 kati ya 10, fomu inashuka hadi shilingi 60,000 na mguso hadi 12,000. Fomu bado ni mara tano ya mguso. Kisio kibaya kimeshusha namba zote mbili kwa pamoja, na uwiano haukutikisika. Mashine inapoamua ikupandishie dau wapi ndani ya bajeti ileile, inatazama uwiano huo, na uwiano umetokana na ulichokihesabu mwenyewe simuni. Hili ni kweli ilimradi waliopimiwa kupitia fomu na waliopimiwa kupitia WhatsApp wananunua kwa kiwango kinachokaribiana. Mpimaji atakuwa wa kwanza kugundua kama sivyo.

Tuone kwenye ripoti. Kampeni mbili zimetumia shilingi 600,000 kila moja. Ya kwanza imeleta miguso 30 na fomu 2, jumla maulizo 32. Ya pili imeleta fomu 12 na miguso 5, jumla 17. Kwa kuhesabu vichwa, ya kwanza imeshinda kwa mbali. Kwa thamani, ya kwanza ina shilingi 960,000 na ya pili 1,560,000. Kisha kata thamani zote nusu, yaani chukua lile kisio la mambo kwenda vibaya: ya kwanza inabaki na 480,000, chini ya pesa iliyotumika, na ya pili 780,000, bado juu. Uamuzi ni uleule. Kama ungegeuka, hiyo ingekuwa dalili kwamba kisio hakitoshi kuamulia jambo hilo.

Kwenye Google Ads, thamani huwekwa katika kila aina ya ulizo peke yake. Fomu na WhatsApp zikiwekwa kwenye kapu moja na kupewa namba moja, umefanya kazi bure, kwa kuwa mkakati wa `Maximize conversion value` utafanya kilekile ambacho hesabu ya vichwa ingefanya. Anayetuma thamani kutoka kwenye tovuti yake kwenda Google Analytics asisahau sarafu:

```
gtag('event', 'generate_lead', {
  currency: 'TZS',
  value: 120000
});
```

Ukubwa halisi wa namba unaanza kuuma ukitumia `Target ROAS`, yaani lengo la thamani unayoitaka kwa kila shilingi ya tangazo. Kwa lengo la 200%, fomu ya shilingi 120,000 inamaanisha mfumo uko tayari kuitafuta kwa takriban shilingi 60,000. Siku mtu akiipandisha thamani hadi 240,000 bila kugusa lengo, mfumo utaona ni halali kulipa 120,000 kwa fomu ileile. Bili itapanda na visima havitaongezeka. Thamani na lengo hubadilishwa pamoja.

Hatari nyingine iko kwenye kikao cha wakubwa. Safu ya thamani ina alama ya pesa, na mkurugenzi akiiona shilingi 2,520,000 ataitafuta benki. Iandikwe “thamani iliyokadiriwa” katika kila ripoti, wala isichanganywe na mapato. Kwa sababu hiyohiyo, ulizo lisirekodiwe kwa tukio la `purchase`.

Kisio kikiwa kimepotoka, shajara ya mpimaji itasema kabla ya mhasibu. Thamani kwenye ripoti inapanda mwezi baada ya mwezi na safari za uwanjani ziko palepale: kuna aina ya ulizo iliyopewa namba kubwa mno, au fomu zinajazwa na roboti, au mtu mmoja anahesabiwa mara mbili kwa kugusa WhatsApp kisha kujaza fomu. Ila usikimbilie kurekebisha kila wiki. Katika miguso 50 iliyozaa vipimo 2, kipimo kimoja zaidi kinapandisha thamani kwa nusu nzima, na hiyo inaweza kuwa bahati tu. Kila robo mwaka inatosha.

Wakati huo fomu ihifadhi ule utambulisho wa mbofyo ambao Google huuambatisha kwenye anwani ya ukurasa, `gclid`, kando ya jina la mteja. Kwa huo unaweza kuirudishia Google taarifa kwamba mteja fulani amepimiwa. Kisima chenyewe mara nyingi huchelewa, na Google haipokei taarifa ya mbofyo uliopita siku 90. Upimaji huwahi. Rudisha huo kwa thamani yake ya shilingi 600,000, na kuanzia hapo fomu na WhatsApp zibaki za kutazamwa tu, zisihesabiwe kwenye dau, la sivyo mteja mmoja atalipiwa thamani mara mbili.