Umoja na Wingi kwa Kadi: Mtego Uko Kwenye M

Mwulize mtoto wa darasa la pili wingi wa kiti, atakujibu "viti" papo hapo. Mwulize wingi wa mtungi, na huenda akasema "watungi". Hajakosea ovyo. Ameshasikia mtoto na watoto, mpishi na wapishi, akaona kila jina linaloanza na m lifuate njia hiyohiyo. Mchezo wa kadi unafaa kumwonyesha kwamba njia ni mbili.

Kunja karatasi ya manila katikati mara nne, kisha ukate kwenye mikunjo. Utapata kadi 16, yaani jozi nane, zinazotosha kikundi cha watoto wanne. Kadi moja ichorwe kitu kimoja, mwenzake ichorwe vitu vitatu vya aina hiyo. Usiandike neno, kwa kuwa mtoto akiona herufi ataangalia mwanzo wa neno tu. Anza na mtoto na mpishi, mti na mkeka, kiti na kikombe, jani na yai. Majani yachore yakiwa yametengana. Ukiyachora kwenye tawi, watoto watasema "tawi" na jozi itavurugika.

Tandaza kadi sakafuni, weka na makapu manne. Mtoto huokota kadi, hutafuta mwenzake, hutaja umoja na wingi kwa sauti, ndipo huchagua kapu. Kosa la kawaida utaliona upesi: mkeka utatumbukizwa pamoja na mtoto. Usimsahihishe. Mwambie aonyeshe picha kwa kidole na kusema: "Mtoto huyu, watoto hawa." Kisha mkeka. Wengi watasema wenyewe "mkeka huu, mikeka hii", maana sikio lao linakataa "mkeka huyu". Hapo kadi huhamishwa, na mtoto anakuwa ametambua sababu. Makapu mengine hupimwa vivyo hivyo: kiti hiki, viti hivi, yai hili, mayai haya.

Kipimo hiki kina mipaka. Kipepeo huwa vipepeo, lakini husemwa "kipepeo huyu, vipepeo hawa". Kwa umbo lake ni jirani wa kiti, kwa upatanisho ni jirani wa mtoto. Samaki naye habadiliki kabisa. Majina ya namna hiyo yasiingizwe mpaka makapu manne yazoeleke, na yakiingia, mwalimu aseme mapema kama leo wanapanga kwa umbo au kwa huyu na hawa. Akichanganya vyote viwili, watoto watabishana, na kila mmoja atakuwa na haki.

Kujua kama somo limeingia, usitumie kadi walizozichezea. Toa picha mpya, kwa mfano mkoba au mlinzi. Anayesema "mikoba hii, walinzi hawa" ameelewa. Anayesema "wakoba" mrudishe kwenye kapu la mkeka, achezee jozi za m peke yake kabla hujaongeza nyingine.