Hedifoni 'moto' zinasikikaje?

Kijana mmoja anayeuza vifaa vya simu mjini Voi aliniomba nipitie tathmini yake ya hedifoni. Aliandika: "Hizi ni moto! Sauti safi, zinakaa poa, simu inasikika fiti."

Kisarufi, sentensi hizo hazina doa. Kasoro yake ni ya kimaana. Kivumishi 'safi' hukaa na maji, shati au hesabu bila kulalamika. Hakimwambii mnunuzi sikio lilipokea nini.

Tulianza na sauti. Nilimwomba asikilize wimbo wa benga anaoujua vyema, kisha aeleze kwa vitenzi badala ya vivumishi. Akaandika: "Gitaa la solo linasikika wazi, lakini besi inavuma hadi inafunika maneno ya mwimbaji. Nikipandisha sauti kupita nusu, 's' inachoma sikio." Kuvuma, kufunika, kuchoma: kila kitenzi kinataja tukio ambalo msomaji anaweza kulihakiki.

Starehe nayo hupimwa kwa muda na mahali. "Zinakaa poa" ikawa: "Nilizivaa kwenye matatu kutoka Voi hadi Wundanyi. Kabla ya Mwatate masikio yalikuwa yametota jasho. Tulipopanda milimani jasho lilikauka, ila mkono wa miwani ulianza kunibana juu ya sikio."

Kipengele cha simu ndicho huwapotosha wengi. Anayevaa hedifoni husikia spika. Maikrofoni yake husikiwa na yule aliye upande wa pili. Kwa hiyo shahidi ni mpigiwa. Hapa Kiswahili kinatupa kipimo kizuri: suka, shuka, fuka. Maneno haya hutofautiana kwa konsonanti ya kwanza tu, na sauti hizo za mkwaruzo ndizo hupotea upesi maikrofoni ikiwa dhaifu au simu ikibana masafa ya sauti.

Kijana alimpigia dadake aliye Wundanyi, akamsomea maneno hayo mara 12 kwa kuyachanganya, dada akiandika alichosikia. Chumbani alipata 11. Kando ya barabara kuu ya Mombasa, malori yakipita, akapata 6. Je, lawama ni ya mtandao? Alichomoa hedifoni, akarudia palepale kwa simu tupu: 10. Basi mtandao haukuwa na hatia kubwa. Maikrofoni ya hedifoni ndiyo iliyomezwa na kelele.

Jaribio la mtu mmoja halitoi hukumu ya mwisho, na sikio la dada si maabara. Lakini tazama sentensi iliyozaliwa: "Ndani ya nyumba utaeleweka, kando ya barabara, chomoa hedifoni uongee kwa simu yenyewe." Dereva wa boda anayepokea oda akiwa steji ataisoma, aziache dukani. Mwanafunzi anayesikiliza masomo chumbani atazinunua. Neno 'fiti' lingewauzia wote wawili, na mmoja angerudi kudai pesa zake.