Vitufe 34 vyatosha kuandika Kiswahili, lakini silabi ‘ka’ yaweza kufuta waraka

KIBODI ya kawaida ya kompyuta ya mezani ina vitufe vipatavyo 104. Ile iitwayo Ferris, iliyogawanywa vipande viwili, kimoja kwa kila mkono, ina vitufe 34 tu. Haina safu ya tarakimu, haina mishale, wala haina kitufe cha pekee cha Shift au Ctrl. Hata hivyo, aliyeizoea huandika kwayo kila kinachoandikwa kwa kibodi kubwa.

Siri ya jambo hilo imo katika programu inayokaa ndani ya kibodi yenyewe. Kila kibodi ina chipu ndogo inayotambua kitufe kilichobonyezwa na kuiarifu kompyuta. Katika kibodi nyingi za madukani kazi ya chipu hiyo imekwisha pangwa kiwandani. Katika kibodi zinazotumia QMK, ambayo ni programu huria, mwenye kibodi huandika mwenyewe ramani ya vitufe vyake, akaijenga kwa amri ya `qmk compile` na kuiingiza ndani ya chipu kwa amri ya `qmk flash`. Kompyuta haijui lolote kuhusu ramani hiyo. Yenyewe huona kibodi ya kawaida, na kwa sababu hiyo ramani humfuata mwenyewe kwenye kompyuta yoyote atakayoichomeka.

Matabaka

Hesabu ya vitufe 34 ni nyepesi. Kila mkono una safu tatu za vitufe vitano, yaani 15, pamoja na viwili vya kidole gumba. Herufi 26 zikiisha kupangwa katika vile 30 vya vidole vingine, nafasi nne tu ndizo zinazobaki. Kwa mpangilio wa Kimarekani, nafasi hizo hukaliwa na mkato, nukta, mkwaju na nukta mkato.

Hapo mwandishi wa Kiswahili hukutana na upungufu wa kwanza. Alama ya ritifaa, ambayo bila yake mtu hawezi kuandika ng’ombe wala ng’ambo, katika kibodi kubwa hukaa kulia kwa nukta mkato, na safu hiyo ya pembeni imeondolewa. Dawa ni kubadilishana nafasi: ritifaa iwekwe mahali pa nukta mkato, chini ya kidole kidogo cha kulia, nayo nukta mkato ipelekwe tabaka la juu.

Tabaka ni ramani nyingine ya vitufe vilevile. Kitufe cha kidole gumba kilichoandikwa `LT(1, KC_SPC)` hutoa nafasi kikiguswa na kuachwa. Kikishikiliwa, hufungua tabaka namba 1, ambamo vitufe vya mkono wa kulia vyaweza kupangwa tarakimu kama zilivyo kwenye kikokotoo. Gumba likiinuliwa, herufi hurejea. Kidole gumba cha pili hufungua tabaka la alama kwa njia hiyohiyo.

Kitufe kimoja, kazi mbili

Shift, Ctrl, Alt na kitufe cha Windows hufichwa nyuma ya herufi za safu ya kati, ambako vidole hupumzika. Mpangilio unaotumiwa na wengi huweka Shift kwenye F na J, Ctrl kwenye D na K, Alt kwenye S na L, na kitufe cha Windows kwenye vidole vidogo. K ikiguswa ni herufi k, ikishikiliwa ni Ctrl.

Tatizo ni kwamba kidole kinaposhuka, kibodi haiwezi kujua mwenyewe anataka nini. Ni lazima isubiri. QMK husubiri milisekunde 200, yaani sehemu moja ya tano ya sekunde. Kitufe kikiachwa kabla ya hapo, huhesabiwa kuwa herufi. Kikipita muda huo kingali chini, huhesabiwa kuwa Ctrl.

Kwa kuwa kusubiri huchosha, wengi huongeza kanuni iitwayo `PERMISSIVE_HOLD`. Kwa kanuni hiyo, kitufe cha pili kikibonyezwa na kuachwa wakati cha kwanza kingali chini, kibodi huamua papo hapo kwamba cha kwanza kilikuwa kimeshikiliwa. Vidole vikipishana kwa kawaida, cha kwanza kikiinuka kabla ya cha pili, hubaki kuwa herufi mbili.

Sasa mtu aandike neno “kazi”. Akichelewa kidogo kuinua kidole kwenye K, hata a ikawa imeguswa na kuachwa kabla yake, kompyuta hupokea Ctrl+A, amri ya kuchagua maandishi yote. Herufi inayofuata, z, huchukua mahali pa kila kilichochaguliwa. Waraka wa kurasa kumi hugeuka kuwa “zi”. Ctrl+Z huurudisha, mradi mwandishi ametambua mapema. Silabi “ka” imejaa katika Kiswahili, tangu kama na katika hadi fika na andika, kwa hiyo hatari hii haimwachi mwandishi kwa siku nzima.

Ajali ileile kwenye J huwa na dalili nyepesi zaidi: “jana” huandikwa “Ana”, kwa kuwa Shift imemeza j. Anayeona herufi kubwa zisizotakiwa na herufi zilizopotea kabla yake ajue kibodi yake ina haraka ya kuamua. Anayeona “ja”, yaani herufi mbili ndogo mahali alipotaka herufi kubwa moja, ajue anainua kidole mapema mno.

Dawa na gharama zake

Mwaka 2025 QMK iliongezewa kanuni mbili zinazohusu jambo hili. Ya kwanza, `CHORDAL_HOLD`, huhesabu vitufe viwili vya mkono mmoja vinavyofuatana haraka kuwa herufi. Husaidia sana, lakini haiiokoi “ka”, kwa sababu K iko kulia na A iko kushoto.

Ya pili, `FLOW_TAP_TERM`, hutazama mwendo wa mwandishi. Herufi ikibonyezwa upesi baada ya nyingine, huwa herufi bila kusubiri chochote. Gharama yake ni kwamba anayetaka herufi kubwa mara baada ya nafasi hulazimika kutua kidogo kwanza.

Dawa ya tatu ni kuihamisha Ctrl yenyewe. Haifai kuiondoa mkono wa kulia kabisa, maana amri zitumiwazo zaidi, za A, C, V, X na Z, ziko kushoto. Ikipelekwa L au J, “la” na “ja” zitaleta ajali ileile. Inabaki ritifaa, ambayo katika Kiswahili hufuata “ng” pekee. Kitufe cha Windows huja K:

```
RGUI_T(KC_K)
RCTL_T(KC_QUOT)
```

Katika faili ya `config.h` huongezwa mistari minne:

```
#define TAPPING_TERM 200
#define PERMISSIVE_HOLD
#define CHORDAL_HOLD
#define FLOW_TAP_TERM 150
```

Kwa mpangilio huo “ka” iliyochelewa hutuma kitufe cha Windows pamoja na A, ambacho katika Windows 11 hufungua kidirisha cha mipangilio ya haraka. Ni kero, lakini maandishi hubaki salama. Ajali ya Ctrl+A sasa hubaki katika maneno machache kama ng’ambo na ng’aa, na kidole kidogo huingia kazi nzito kuliko awali. Anayeona kidole hicho kinauma hana budi kuchagua kibodi yenye vitufe vingi zaidi vya gumba na kuipa Ctrl kitufe chake chenyewe.