Ile namba ya Bluetooth kwenye boksi

Mwaka 2022 kampuni ya Sony ilitoa sokoni bidhaa mbili zilizobeba namba ileile ya Bluetooth, yaani 5.2. Ya kwanza ni WH-1000XM5, vipokea sauti vikubwa vya kuvaa kichwani. Ya pili ni LinkBuds S, vile vidogo vya kupachika masikioni. Anayesoma namba peke yake angesema kwa upande wa Bluetooth ni mapacha. Kumbe LinkBuds S, tena zilizo rahisi kwa bei, zilikuja kuletewa programu iliyoziwezesha kutumia LE Audio, njia mpya kabisa ya kupitisha sauti hewani. WH-1000XM5 hazina njia hiyo. Kampuni moja, mwaka mmoja, namba moja, uwezo tofauti.

Sababu yake ni kwamba namba ile haipimi kifaa. Ni namba ya kitabu cha kanuni kinachotolewa na Bluetooth SIG, umoja wa makampuni ulioanzishwa mwaka 1998. Kila toleo huongeza mambo mapya, na mengi ya mambo hayo ni ya hiari. Mtengenezaji akishatimiza yale ya lazima, ana haki ya kuandika 5.3 au 5.4 kwenye boksi hata kama hakuweka hata kimoja kati ya vionjo vilivyolifanya toleo hilo litangazwe. Hajadanganya. Amenyamaza tu, na ukimya huo ndio unaomgharimu mnunuzi.

Toleo la 5.0 ndilo lililozaa maneno mengi zaidi ya madukani. Lilipotoka Desemba 2016 lilitangazwa kuwa na kasi mara mbili na masafa mara nne, na hadi leo wauzaji wanayarudia maneno hayo wakikuonyesha spika au vipokea sauti. Maneno yenyewe ni ya kweli, ila hayahusu muziki. Tangu toleo la 4.0 la mwaka 2010, Bluetooth ina matawi mawili. Lipo tawi la zamani, ambalo mpaka sasa ndilo linalobeba muziki katika vifaa vingi, na lipo tawi la LE lililobuniwa kwa vitu vinavyotumia umeme kidogo, kama saa za mkononi na vipima mapigo ya moyo. Kasi na masafa ya toleo la 5.0 yaliongezwa kwenye tawi la LE.

Hata huko kwenye LE, huwezi kuvipata vyote viwili kwa pamoja. Kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hupunguza umbali kidogo. Masafa mara nne nayo hupatikana kwa kuitandaza kila biti moja katika alama nane, ili mpokeaji aliye mbali aweze kuitambua hata mawimbi yakiwa hafifu. Gharama yake ni kasi kushuka hadi kilobiti 125 kwa sekunde. Na kama ilivyo kawaida, kasi ile na masafa yale vyote ni vya hiari.

Sasa turudi kwenye muziki. Simu inapounganishwa na vipokea sauti, kila upande humweleza mwenzake kodeki unazozijua, yaani mbinu za kuubana muziki ili upite hewani. Kodeki iitwayo SBC ni ya lazima kwa wote. Zaidi ya hapo kila mtengenezaji anaamua mwenyewe: wengine huweka AAC, wengine aptX, wengine LDAC ya Sony. Kisha simu huchagua mojawapo kati ya zile zinazojulikana pande zote mbili. Kwa kawaida SBC hufika takriban kilobiti 328 kwa sekunde, na LDAC hupanda hadi 990. Tawi la zamani la Bluetooth limekuwa na uwezo wa hadi megabiti 3 kwa sekunde tangu toleo la 2.0 la mwaka 2004. Kwa hiyo njia haijawahi kuwa nyembamba kiasi cha kuhitaji namba mpya. Vipokea sauti vya 5.4 vinavyojua SBC tu havina sababu ya kulia vizuri kuliko vya 4.2 vyenye SBC hiyohiyo. Tofauti ikisikika, imetoka kwenye spika zake ndogo na ufundi wa kampuni.

Mfano ulio wazi ni wa mtu aliyetoa fedha nyingi kununua WH-1000XM5 kwa ajili ya LDAC, kisha akaziunganisha na iPhone. Simu hiyo haina LDAC. Mazungumzo yataishia kwenye AAC, na LDAC aliyoilipia italala. Namba za matoleo, ziwe kubwa namna gani pande zote mbili, haziwezi kuiamsha.

Umbali nao una mambo yake. Vifaa vingi vidogo hurusha mawimbi kwa nguvu ya milliwati 2.5 hivi, na vichache hufika 100. Muhimu zaidi ni antena na mwili wa mvaaji. Bluetooth hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, ambayo hunyonywa na maji, na mwili wa binadamu umejaa maji. Ndiyo maana mtu mwenye simu kwenye mfuko wa nyuma anaweza kusikiliza vizuri sebuleni, kisha muziki ukakatika-katika akiwa uwanjani. Ndani ya nyumba mawimbi hugonga kuta na kumzunguka. Mahali pa wazi hakuna kuta za kuyarudisha. Hakuna namba ya toleo inayoeleza antena imewekwaje.

Je, namba haina kazi kabisa? Inayo. Inakupa fununu ya umri wa chipu. Kwa kuwa LE Audio imejengwa juu ya mambo yaliyoingia katika toleo la 5.2, namba ndogo kuliko hiyo ni dalili ya kutoitegemea. Ila ni mlango wa kuingilia tu: iPhone 14 ina 5.3 na LE Audio haimo. Toleo la 6.0 la Septemba 2024 lilileta upimaji makini wa umbali kati ya vifaa, jambo la maana kwa kufuli za milango na funguo zilizopotea. Anayetafuta spika ya kusikiliza taarabu halimhusu. Na mwenye simu ya 4.2 asitishwe kwamba vipokea sauti vya 5.3 vitamkataa; vitaelewana kwa yale ambayo wote wanayajua.

Badala ya namba, basi, itafutwe orodha ya kodeki. Boksi lenye LE Audio kwa kawaida hutaja jina hilo, au Auracast, au LC3. Kwenye simu nyingi za Android ukweli unaweza kuonekana hapohapo dukani: fungua Settings, kisha About phone, gusa Build number mara saba, halafu ndani ya Developer options tafuta Bluetooth audio codec muziki ukiwa unapigwa. Kama ucheleweshaji wa sauti ndio unaokuhangaisha, jaribu kwa mchezo wa simu, si kwa video. Programu nyingi za video huichelewesha picha kidogo ili ilingane na sauti, kwa hiyo huficha kasoro ambayo mchezo utaifichua mara moja.

Bluetooth SIG pia ina daftari la wazi mtandaoni la bidhaa zilizosajiliwa, ambamo mtu anaweza kutafuta kwa jina la kampuni au la modeli na kuona ni uwezo upi uliotangazwa rasmi. Boksi lenye namba kubwa mbele na lisilo na jina la mtengenezaji wala la modeli popote halikupi hata neno la kuandika kwenye sehemu ya kutafutia.