Kete Unayomkabidhi Mpinzani

Kwenye bao mchezaji hucheza kete zilizo upande wake. Kwenye drafti ni vivyo hivyo: nyeupe zangu, nyeusi zako, na kila mtu anaamua mwenyewe asogeze ipi. Quarto haiendi hivyo. Kete zote 16 ziko mezani na hazina mwenyewe. Zamu yangu ikifika, kete nitakayoiweka ubaoni huwa nimekabidhiwa na mpinzani wangu; mimi ninachagua chumba tu. Nikishaiweka, nami ninamchagulia yeye ya kwake.

Mchezo huu ulibuniwa na Blaise Müller, mwanahisabati wa Uswisi, na kampuni ya Gigamic ya Ufaransa ikautoa mwaka 1991. Ubao una vyumba 16, vinne kwa vinne. Kila kete ina sifa nne, na kila sifa ina pande mbili: ni ndefu au fupi, nyeupe au nyeusi, ya duara au ya mraba, yenye tundu juu au isiyo na tundu. Ukizidisha mbili mara nne unapata 16, kwa hiyo hakuna kete mbili zinazofanana kwa kila kitu, na kila upande wa sifa una kete nane. Anayeshinda ni yule anayeweka kete ya nne kwenye mstari, uwe mlalo, wima au mshazari, endapo kete hizo nne zina walau sifa moja ya pamoja. Inaweza kuwa zote ni fupi, au zote zina tundu. Nani aliziweka zile tatu za mwanzo haijalishi. Akimaliza mstari anatamka “Quarto!” na mchezo umekwisha.

Sheria zinaelezeka kwa dakika chache, na kwa sababu hiyo wageni wengi hudhani ni mchezo wa watoto. Ugumu wake unatokana na jambo moja: huwezi kupoteza kwa kuweka tu. Unapoteza kwa kutoa. Kila ushindi wa Quarto ni zawadi ambayo mtu mmoja alimpa mwenzake kwa mkono wake, ama kwa kutoona, ama kwa kukosa kete nyingine ya kutoa.

Wale wa kutoona ni wengi, na kosa lao lina sura moja. Mchezaji anatazama rangi na urefu, kwa kuwa vinaonekana hata kwa mbali, kisha anasahau tundu. Kete tatu zinakaa kwenye mshazari, moja fupi, mbili ndefu, rangi mchanganyiko, na macho yanapita juu yake. Kumbe zote tatu zina tundu. Dawa yake ni ya kikazi kabisa: kabla ya kukabidhi kete, tafuta kila mstari wenye kete tatu na chumba kimoja kitupu, kisha ulize sifa zote nne, moja baada ya nyingine, kwa utaratibu uleule kila mara. Mistari yote ya ubao ni kumi tu, na yenye kete tatu huwa michache, kwa hiyo kazi hiyo haichukui muda. Sheria rasmi zinamwadhibu pia mshindi asiyeona: ukimaliza mstari wenye sifa ya pamoja bila kutambua, ukamkabidhi mwenzako kete inayofuata, yeye anaweza kutamka “Quarto!” palepale na ushindi ukawa wake.

Wale wa kukosa kete ya kutoa ndio wanaonivutia zaidi, kwa sababu kushindwa kwao huanza zamu nyingi kabla ya mwisho. Hebu tuutazame mchezo mmoja kwa karibu. Chukua karatasi uchore vyumba 16, maana bila mchoro maneno haya yatakuchosha.

Kete tano ziko ubaoni. Safu ya juu, kuanzia kushoto, ina tatu: ndefu nyeupe ya duara yenye tundu, ndefu nyeusi ya mraba yenye tundu, na ndefu nyeupe ya mraba isiyo na tundu. Chumba cha nne cha safu hiyo ni kitupu. Safu ya tatu kutoka juu ina mbili: kushoto kabisa kuna fupi nyeusi ya duara isiyo na tundu, na kando yake fupi nyeupe ya mraba yenye tundu. Mpinzani anakukabidhi fupi nyeusi ya mraba isiyo na tundu. Uiweke wapi?

Anza na kile ambacho safu ya juu imekwisha kukifanya. Kete zake tatu hazilingani rangi, umbo wala tundu, lakini zote ni ndefu. Tangu sasa, anayetoa kete ndefu amempa mwenzake ushindi. Kete salama ni fupi peke yake.

Mgeni akiipokea kete hii huvutwa na safu ya tatu. Anaona fupi mbili, anaongeza ya tatu, anafurahi kwamba naye ametega mtego. Hapo amejiua. Juu kuna tatu ndefu, chini kuna tatu fupi, na kila kete iliyobaki mezani ni ama ndefu ama fupi. Zamu ya kutoa ni yake. Atoe ipi? Hakuna. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ambayo mchezaji wa Quarto huishika: ukitega mitego miwili yenye pande pinzani za sifa moja, wewe ndiye unayenasa, kwa sababu anayeweka ndiye anayetoa baada ya kuweka.

Chumba kingine kinachowezekana ni kile cha nne cha safu ya juu. Ukiweka fupi hapo umeziba mtego, na kete ndefu zinakuwa salama tena. Hakuna ubaya wa papo hapo, lakini usifanye haraka. Hesabu kwanza.

Kuna fupi nane. Mbili ziko ubaoni na moja iko mkononi mwako, kwa hiyo mezani zimebaki tano. Ukiweka yako mahali pasipobadilisha kitu, wewe utatoa ya kwanza kati ya hizo tano, mpinzani ya pili, wewe ya tatu, yeye ya nne, wewe ya tano. Baada ya hapo yeye ndiye atakayebaki na ndefu tupu. Kanuni inakuja yenyewe: unapofika wakati wako wa kutoa, taka idadi ya kete salama iwe witiri. Ikiwa shufwa, wewe ndiye utakayeishiwa kwanza. Mtego wa safu ya juu unakufanyia kazi wewe, basi kuuziba ni kumsaidia mwenzako.

Mahali pasipobadilisha kitu ni safu wima ya kwanza, chumba cha pili kutoka juu, chini kabisa ya ile ndefu nyeupe ya duara yenye tundu. Zitazame hizo mbili: ndefu na fupi, nyeupe na nyeusi, duara na mraba, tundu na pasipo tundu. Zinapingana kwa sifa zote nne. Kila kete ya Quarto ina pinzani wake mmoja tu wa namna hiyo, na mstari ukishabeba wapinzani wawili umekufa. Hauwezi tena kumpa mtu ushindi. Umeua safu wima ya kwanza bila kugusa hesabu yako.

Sasa unatoa. Fupi tano zote ni salama kwa maana kwamba hakuna inayompa ushindi wa mara moja, lakini hazilingani thamani. Tazama safu wima ya pili: ina ndefu nyeusi ya mraba yenye tundu na fupi nyeupe ya mraba yenye tundu. Ukimpa fupi nyeusi ya mraba yenye tundu, ataiweka katikati yao. Mara moja kila ya mraba na kila yenye tundu inakuwa ya hatari, juu ya ndefu zote. Kete salama inabaki moja tu mezani, fupi nyeupe ya duara isiyo na tundu, na atakukabidhi hiyo. Sasa lazima uitumie kuziba. Ukiiweka chumba cha mwisho cha safu wima ya pili, unabaki na fupi tatu za kutoa, na hesabu inarudi kwako. Ukiiweka pengine bila kuziba mtego wowote, umekwisha, kwa kuwa huna kete ya kutoa.

Umejiokoa, lakini kwa nini ujitie kwenye shida? Ile fupi nyeupe ya duara isiyo na tundu ungempa yeye tangu mwanzo. Si ya mraba wala haina tundu, kwa hiyo akiiingiza kwenye safu wima ya pili anaiua. Akiiweka safu ya tatu anajiua mwenyewe, kama tulivyoona. Hakuna mstari mwingine ambao anaweza kuutegea mtego kwa kete hiyo. Imebaki kuziba safu ya juu, au kusubiri huku hesabu ikimwendea vibaya. Mchezaji mzuri ataziba, na pambano litaanza upya kwenye mistari mingine. Zawadi nzuri ndiyo hiyo: inampunguzia mwenzako mambo ya kufanya.

Kutokana na mfano huo utaona kwa nini hesabu ya witiri na shufwa haitoshi peke yake. Kuziba kunaigeuza, kutega kunaigeuza, na kila mchezaji anajitahidi awe wa mwisho kuigeuza. Mwanzoni mwa mchezo, kete zikiwa mbili tatu, hakuna haja ya kujisumbua nayo, na kete ya kwanza kabisa haina tofauti yoyote, maana kabla ya ubao kuwa na kitu kete zote 16 ni sawa. Ni kuanzia mtego wa kwanza unapofunguka ndipo uanze kuhesabu, na kete zikibaki chache mezani unaweza kufuata njia nyingi kwa akili ukiwa mtulivu. Mwaka 1998 Luc Goossens alionyesha kwamba wachezaji wawili wasiokosea kamwe watatoka sare, yaani ubao utajaa bila mshindi. Kati ya watu wa kawaida sare si nyingi, kwa sababu mtu mmoja huchoka kuhesabu mapema.

Seti ya mbao ni nzuri kushika, lakini si lazima. Kadibodi ya boksi inatosha: kata maduara na miraba, nusu makubwa na nusu madogo badala ya ndefu na fupi, paka nusu wino mweusi, toboa nusu katikati. Hakikisha tu kila mchanganyiko umetokea mara moja, la sivyo hesabu zote nilizoeleza zitavurugika. Watoto waanze na sifa moja, kwa mfano rangi, kisha waongezewe ya pili. Na wale ambao mistari kumi imewazoea wakubaliane kwamba hata mraba mdogo wa vyumba vinne vinavyoshikana unahesabika. Ubao una miraba tisa ya namna hiyo, na kete iliyokuwa salama dakika moja iliyopita inahitaji kutazamwa upya.