Sahani Kumi za Wageni Wanane

Menyu ya chakula rasmi cha jioni huanza kupangwa kutoka katikati. Kinachoamuliwa kwanza ni kitoweo kikuu, kwa sababu ndicho kinachobeba gharama kubwa, ndicho kinachokaa jikoni muda mrefu zaidi, na ndicho kinachoamua kitangulizi kiwe nini na kitamutamu kiwe nini. Mwenyeji anayeanza na sambusa kwa kuwa anazipenda, kisha akatafuta cha kuzifuata, mara nyingi hujikuta na vyakula vizuri vinavyogongana mezani.

Kabla ya kitoweo, kuna hesabu ya watu. Wageni wanane ni sahani kumi, kwa kuwa mwenyeji na mwenzake nao wanakula. Baada ya hesabu huja maswali, na ni adabu kuyauliza kwa simu siku tatu au nne kabla badala ya kuyakisia: nani hali nyama, nani ana mzio, nani ana kisukari, nani ana miiko ya dini. Msabato hagusi pweza wala kamba, Mhindu wengi wao hawali ng'ombe, Mkatoliki hujizuia nyama Ijumaa ya Kwaresima, na Mwislamu atataka uhakika kwamba kuku amechinjwa kwa halali. Kwenye mfano unaofuatwa hapa, wageni ni wa Dar es Salaam, na majibu yalikuwa matatu ya kuzingatia: mgeni mmoja hali nyama wala samaki lakini maziwa hutumia, mwingine ana mzio wa karanga na korosho, na mzee mmoja ana kisukari.

Kitoweo kilichochaguliwa ni kuku wa kupaka. Samaki wa kupaka angependeza vilevile, ila samaki aliyetoka motoni hukauka haraka akisubiri, na mgeni akichelewa kwa foleni ya barabarani chakula kimeharibika. Kuku huvumilia. Tena bei ya kuku watatu wa kisasa humwacha mwenyeji na nafasi ya kupumua kuliko vipande kumi vya nguru vilivyonona.

Menyu ya kwanza iliyoandikwa ilisomeka hivi: sambusa za nyama, supu ya boga, kuku wa kupaka, wali wa nazi, mchicha wa karanga na nazi, halafu kaimati. Kila kimoja ni kitamu, na hapo ndipo kosa linapojificha. Nazi imeingia mara tatu kwenye mlo mmoja, na mgeni atashiba kwa mafuta ya tui kabla hajamaliza sahani. Boga ni la njano na mchuzi wa kupaka ni wa njano, kwa hiyo bakuli la pili litaonekana kama ndugu wa la kwanza. Sambusa na kaimati zote zinaogelea kwenye mafuta, moja mwanzo na nyingine mwisho. Asiyekula nyama amebakiwa na supu, wali na mchicha, na mwenye mzio hawezi kugusa mchicha huo.

Njia rahisi ya kuyaona makosa hayo ni kuandika mbele ya kila chakula mambo manne: kiungo chake kikuu, namna kinavyopikwa, rangi yake, na kama ni laini au kinatafunika kwa mlio. Neno likijirudia, chakula kimoja kinabadilishwa. Kinachobaki bila kuguswa ni kitoweo kikuu. Vingine vyote humfuata yeye.

Baada ya kusahihishwa, menyu ikawa hivi. Wageni wanapofika hupewa sambusa za mboga, mbili kwa kila mtu, pamoja na ndimu na juisi ya ukwaju. Mezani huanza supu nyepesi ya karoti, kabichi na tangawizi, isiyo na krimu wala nazi, ya kufungua tumbo tu. Kisha kuku wa kupaka kwa wali mweupe wenye iliki, choroko zilizoungwa kwa nyanya na bizari nyembamba, mchicha wa kukaangwa kwa kitunguu, na kachumbari. Mwisho ni faluda ya maziwa na papai lililokatwa vipande. Nazi imebaki mahali pamoja tu, kwenye kuku, na pale itasikika vizuri. Choroko hazikuwekwa kama chakula cha pembeni cha mtu mmoja. Zinapita mezani kwa wote, ili asiyekula nyama asionekane kama aliyepikiwa chakula cha mgonjwa.

Vipimo huanzia kwenye kuku. Kuku mmoja wa kilo 1.2 hadi 1.3 hukatwa vipande 8, na watatu hutoa 24. Wanaomla ni tisa, vipande viwili kila mmoja ni 18, na sita vinavyobaki ni vya kumkaribisha mtu tena, jambo ambalo kwenye meza ya Kiswahili haliepukiki. Mchele hupimwa gramu 125 kwa mtu ukiwa mbichi, yaani kilo moja na robo kwa watu kumi. Choroko nusu kilo zinatosha, maana karibu kila mmoja ataonja na ni mmoja tu atakayezitegemea. Mchicha hudanganya macho: fungu linalojaza beseni hunywea hadi bakuli moja, kwa hiyo mafungu makubwa matano si mengi. Maziwa ya faluda ni lita moja na nusu, ambayo hujaza vibakuli kumi vidogo.

Bajeti ya mfano huu ni shilingi 150,000, sawa na shilingi 15,000 kwa kila sahani. Mgawo wake ni shilingi 70,000 kwa kuku, nazi na viungo vyake, 25,000 kwa mchele, choroko, mafuta na maziwa, 15,000 kwa mboga, 25,000 kwa matunda na vinywaji, na 15,000 akiba. Akiba hiyo si anasa. Ndiyo inayonunua vitu visivyoandikwa kwenye orodha ya chakula: mkaa, barafu, maji ya kunywa, tishu, na ndimu za ziada. Siku ya sokoni bei ikiwa juu, kinachopunguzwa ni idadi ya vyakula, si kipimo cha kila chakula. Kuondoa juisi na kubaki na maji ya ndimu hakumuumizi mgeni. Sinia la wali lililokwisha kabla ya wote kupakua humfedhehesha mwenyeji.

Baada ya mfuko, kikomo kingine ni jiko. Nyumba nyingi zina jiko la gesi la pleti mbili na jiko la mkaa uani, na menyu isiyoheshimu idadi hiyo ya moto itakwama saa ya kupakua. Kwa hiyo kazi hugawanywa. Siku moja kabla, faluda hugandishwa na kuwekwa kwenye friji, sambusa hufungwa na kugandishwa zikiwa mbichi, na kuku hukolezwa tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Siku yenyewe alasiri, kuku huchemshwa kwa viungo vyake hadi waive kabisa, kwa sababu sita au nane tu ndivyo vipande vinavyoenea kwenye wavu wa jiko la nyumbani, na kuwachoma 24 kutoka ubichi kungekula jioni nzima. Wakishaiva, wavu unahitajika kwa dakika kumi hivi tu kila awamu, kuwapa rangi na harufu ya moshi. Kipande cha paja kikichomwa kisu karibu na mfupa, maji yanayotoka yawe meupe, yasiwe na wekundu.

Maji yaliyomchemsha kuku yana ladha nzuri, na mpishi hushawishika kuyamimina kwenye supu ya mboga. Asifanye hivyo, wala asitie kidonge cha supu ya kuku, kwani supu hiyo aliambiwa mgeni asiyekula nyama kwamba ni ya mboga. Maji hayo yana mahali pake kwenye mchuzi wa kupaka.

Mchuzi wenyewe unahitaji nazi tatu, zikunwe siku hiyohiyo, kwa maana tui likilala kwenye joto la Pwani huchacha. Tui la kwanza, zito, huwekwa pembeni. Tui la pili, jepesi, huchemshwa pamoja na nyanya, kitunguu, manjano na yale maji ya kuku mpaka lipungue. Hapo ndipo tui zito huingia, moto ukiwa mdogo, sufuria bila kifuniko, mwiko ukizunguka bila kusimama. Likitokota kwa nguvu hukatika: mafuta hupanda juu na chini hubaki chembechembe kama za maziwa yaliyoharibika. Mchuzi ulio sawa hushika mgongo wa mwiko, na kidole kikipitishwa juu yake huacha njia. Pilipili haiingii humo. Husagwa kwa ndimu na kuwekwa kwenye kibakuli, kila mtu ajipimie.

Kwa kuwa baadhi ya wageni watakuwa wanatoka kuswali Isha, meza imepangwa saa mbili na nusu usiku, na sambusa saa mbili. Wali huiva saa moja na nusu na kuingia kwenye hotipoti. Choroko nazo hivyohivyo. Hiyo huacha pleti mbili wazi. Moja hukaanga sambusa, kisha hupasha supu. Nyingine hushika mchuzi wa kupaka. Awamu ya mwisho ya kuku hutoka kwenye mkaa wageni wakiwa wanatafuna sambusa, na vipande vyote hutumbukizwa kwenye mchuzi uliozimwa moto. Supu inapoondoka jikoni, pleti yake hukaanga mchicha kwa dakika tano, usipoteze rangi yake. Chumvi na ndimu za kachumbari huingia wakati huo pia. Zikiingia mapema, nyanya hutoa maji na bakuli huwa supu ya pili.

Kabla ya supu, wageni hunawishwa kwa birika na beseni, ukianza na mzee. Yeye hujipakulia wali kiasi anachokijua mwenyewe, na mwenyeji hamshikilii kuongeza. Kwenye faluda, lozi ambazo kwa desturi hunyunyizwa juu huachwa kabisa jikoni, maana nazo ni katika jamii ya vitu ambavyo mwenye mzio wa korosho huepushwa navyo. Mzee huletewa papai na kipande cha ndimu kwenye kibakuli kilekile kama cha wengine, na chai ya tangawizi humiminwa bila sukari, sukari ikiwa kwenye kopo lake katikati ya meza.