Saa ya Jua, Saa ya Ukutani na Tarehe ya Tiketi

Mwezi wa Ramadhani, adhana ya magharibi ikilia Dar es Salaam na watu kushika tende, wenzao wa Kigoma bado wana zaidi ya nusu saa ya kusubiri. Saa za ukutani za miji yote miwili zinasoma sawasawa. Kinachotofautiana ni jua, nalo halifuati saa ya taifa bali hufuata longitudo, ile mistari ya ramani inayotoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini.

Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24. Gawanya, utapata digrii 15 kwa saa moja, au digrii moja kwa dakika 4. Kwa kuwa inazunguka kuelekea mashariki, aliye mashariki hulipata jua kwanza na saa yake huwa mbele. Dar es Salaam ipo kwenye digrii 39 na kidogo mashariki mwa Grinichi, Kigoma kwenye 29 na nusu na ushei. Tofauti yao inakaribia digrii 10, na ukizidisha kwa 4 unapata kama dakika 39. Hizo ndizo dakika ambazo jua la utosi la Kigoma huchelewa nyuma ya lile la Dar es Salaam.

Hapo tumetoa longitudo moja kwenye nyingine kwa sababu miji yote iko upande mmoja wa Grinichi. Miji ikiwa pande mbili, longitudo zinajumlishwa. Wanafunzi wengi hupoteza alama hapa, kwa kuwa neno "tofauti" linawavuta watoe. Tuchukue swali la namna hiyo: Dar es Salaam, digrii 39 mashariki, ni saa 11 alfajiri siku ya Jumatano. Kwa hesabu ya jua, New York, digrii 74 magharibi, ni saa ngapi?

Kabla ya yote, iondoe saa ya Kiswahili kwenye hesabu, kwa kuwa namba zetu huanza upya mara mbili kwa siku na hazionyeshi siku inapokatika. Saa za mchana ongeza 6. Saa 1 hadi saa 5 usiku ongeza 18. Kuanzia saa 6 usiku hadi alfajiri, toa 6. Saa 11 alfajiri basi ni 05:00.

Sasa, 39 jumlisha 74 ni 113. Mara 4 ni dakika 452, yaani saa 7 na dakika 32. New York iko magharibi, kwa hiyo tunatoa. Lakini 05:00 haitoshi kutolewa 7:32, na hapo ndipo usiku wa manane unapoingia. Kopa siku nzima: 05:00 ya Jumatano ni sawa na 29:00 ya Jumanne. Unapotoa dakika, kumbuka kwamba saa moja unayoivunja inakupa dakika 60, si 100. Kwa hiyo 28:60 toa 7:32 ni 21:28, na siku ni Jumanne. Kwa lugha yetu ni saa 3:28 usiku. Anayejibu saa tu bila kutaja Jumanne amefanya nusu ya kazi.

Ukimpigia simu ndugu yako aliyeko New York mwezi Januari saa hiyohiyo, atakuambia kwake ni saa 3:00 kamili. Wala hajakosea, kwa kuwa yeye anasoma saa ya ukutani, na saa hiyo hupangwa na serikali. Mkutano wa kimataifa uliofanyika Washington mwaka 1884 uliichagua longitudo ya Grinichi kuwa sifuri, na leo kila nchi hutangaza iko saa ngapi mbele au nyuma ya hapo. Tanzania, Kenya na Uganda ziko UTC+3. Saa tatu mara digrii 15 ni digrii 45, longitudo inayopita karibu kabisa na Mogadishu. Ndiyo kusema saa zetu zinafuata jua la pwani ya Somalia. Dar es Salaam jua hufika utosini, kwa wastani, kama saa 6:23 mchana, na Kigoma karibu saa 7. New York ni UTC-5 wakati wa baridi. Kutoka +3 hadi -5 ni saa 8, na 29:00 toa 8 ni 21:00. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba wao husogeza saa mbele, tofauti ikabaki 7. Sisi hatusogezi.

Kwa hiyo lisome swali vizuri. Ukipewa longitudo, fanya kwa dakika 4. Ukipewa UTC, weka ramani pembeni.

Safari ina kitu cha ziada: muda unaotumika njiani. Njia isiyodanganya ni kuipeleka saa ya kuondoka Grinichi, kuongeza muda wa safari huko, kisha kuirudisha kwenye saa ya mji unaofikia. Tuseme mgonjwa anakwenda kutibiwa Mumbai. Ndege inaondoka Dar es Salaam Jumanne saa 3:30 usiku na itakuwa angani saa 6. Saa ya kuondoka ni 21:30. Toa 3, Grinichi ni 18:30 Jumanne. Ongeza saa 6, unapata 24:30, yaani 00:30 Jumatano. India nzima hutumia UTC+5:30, na nusu saa hiyo isisahauliwe. Anatua saa 06:00 Jumatano, saa 12 asubuhi yetu.

Anayetazama tiketi peke yake ataona 21:30 hadi 06:00 na kudhani amekaa angani saa 8 na nusu. Saa mbili na nusu kati ya hizo ni tofauti ya majira tu.

Akirudi, tiketi inasema Alhamisi 01:30. Peleka Grinichi: 01:30 toa 5:30 haiwezekani, kopa siku, 25:30 toa 5:30 ni 20:00 Jumatano. Ongeza saa 6: 02:00 Alhamisi. Ongeza 3: anafika 05:00 Alhamisi, saa 11 alfajiri. Kwenye karatasi safari ni ya saa 3 na nusu. Ukitaka kujihakiki, jumlisha muda unaoonekana wa kwenda na wa kurudi, 8:30 na 3:30, unapata 12. Nusu yake ni 6, muda halisi angani. Hesabu hii hukubali pale tu safari mbili zinapochukua muda uleule. Upepo ukirefusha moja, namba hazitafungana hivyo.

Lakini hatari kubwa ya tiketi hiyo haiko kwenye kujumlisha. Kwetu 01:30 ni saa 7:30 usiku, na msikilizaji akiambiwa "Alhamisi usiku" hufikiria giza linalofuata mchana wa Alhamisi. Tiketi inahesabu siku tangu usiku wa manane, hivyo inamaanisha usiku wa kuamkia Alhamisi. Akienda Alhamisi jioni na mizigo yake, ndege ilishaondoka karibu siku nzima iliyopita. Tiketi yoyote yenye saa kati ya 00:00 na 05:59, iandikie pembeni siku iliyotangulia. Kwa huyu mgonjwa, anatakiwa awe uwanjani Mumbai Jumatano saa 4:30 usiku.